Sauti Hii Ataisikiliza Nani?

"Data zote zitahifadhiwa kwa usalama katika kompyuta yenye nywila. Watafiti pekee ndio watakaozifikia. Taarifa zote zitabaki siri na zitaharibiwa baada ya utafiti kukamilika."

Maneno haya, au ndugu zake wa karibu, yamo katika maombi mengi ya kibali cha maadili yanayofikishwa kwenye kamati za vyuo vyetu. Mara nyingi yamenakiliwa kutoka kwenye ombi la mwenzetu wa mwaka uliotangulia, naye aliyanakili kwa mwingine. Yana mvuto wake: yanasomeka vizuri, hayabishani na mtu, na yanaahidi kila kitu. Kisha barua ya kamati inarudi na mstari mmoja: fafanua uhifadhi, ufikiaji na muda wa kutunza data. Mwanafunzi anaongeza neno "madhubuti" mbele ya "usalama" na kurudisha ombi. Barua inarudi tena.

Kasoro ya sentensi zile si ufupi. Zinaizungumzia data kana kwamba ni kitu kimoja kilichotulia mahali pamoja, ilhali kazini hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna nakala. Mahojiano ya saa moja yakishafanyika, sauti ipo kwenye kinasasauti, kesho ipo pia kwenye kompyuta ya mtafiti, keshokutwa kwenye simu ya anayenukuu, na huenda ipo kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba inajipakilia yenyewe. Sehemu ya data kwenye ombi la maadili ikiandikwa sawasawa huifuata kila nakala tangu inapozaliwa hadi inapokufa, na kwa kila moja hutaja ilipo, anayeweza kuifungua, na siku itakayofutwa.

Tuchukue mfano na kuukamilisha. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, yupo Dar es Salaam, anataka kuwahoji wanaume 24 katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga ambao walianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kisha wakaziacha. Atakuwa na mtafiti msaidizi mmoja, mnukuzi wa kulipwa, na msimamizi wake chuoni. Mahojiano yatakuwa kwa Kiswahili na yatarekodiwa. Ni utafiti mdogo, wa gharama ndogo, na hata hivyo karatasi moja tu ikionekana na jirani inaweza kuvunja ndoa ya mtu au kumfukuzisha kazi.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, mwanafunzi huyu anapaswa kukaa chini na kuorodhesha kila kitu kitakachozalishwa. Wengi wakiulizwa hutaja sauti na manukuu, basi. Lakini ukimtembeza hatua kwa hatua, mengine yanajitokeza. Atawapataje wanaume hao? Kwa orodha ya waliokosa miadi katika kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu anaiita CTC. Orodha hiyo ina majina, namba za simu na vijiji. Je, ataishika yeye? Watakaokubali watasaini fomu ya ridhaa, na fomu hiyo juu kabisa ina kichwa cha utafiti: "Sababu za wanaume kuacha kutumia ARV." Kwa hiyo jina na saini chini ya kichwa kile ni tangazo la hali ya afya ya mtu, hata kama ndani ya bahasha hamna neno lingine lolote. Asiyejua kusoma ataweka dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi naye ameshajua. Kuna daftari la uwandani ambamo mtafiti ameandika "nyumba ya tatu baada ya msikiti, mke hajui." Kuna ujumbe mfupi wa simu wa kupanga miadi. Kuna hati ya malipo ya nauli, yenye jina na saini, itakayopelekwa kwa mhasibu.

Hiyo ya mwisho husahaulika karibu kila mara. Mtafiti analinda sauti kwa kila mbinu, halafu idara ya fedha inatunza kwenye faili la kawaida orodha ya watu 24 waliolipwa nauli kwa kushiriki utafiti wa walioacha ARV. Dawa yake ni rahisi: hati za malipo zitumie namba ya mradi badala ya kichwa chake, na makubaliano na mhasibu yafanyike kabla ya kwenda uwandani.

Orodha ikikamilika, swali la utambulisho hujibika kwa uaminifu zaidi. Maombi mengi husema "majina hayatatumika, kila mshiriki atapewa namba", na katika tafiti za UKIMWI namba inayochukuliwa ni ile ya kadi ya CTC, kwa kuwa ipo tayari. Namba hiyo siyo kificho. Imejengwa kwa msimbo wa mkoa, wilaya na kituo, kisha namba ya mgonjwa mwenyewe, na muuguzi yeyote mwenye rejista ya kituo anamjua mwenye namba kwa dakika moja. Mshiriki anapaswa kupewa namba mpya isiyotokana na chochote chake, tuseme M01 hadi M24, na orodha moja tu ndiyo iunganishe namba hizo na majina. Maadamu orodha hiyo ipo mahali popote duniani, data bado ni za watu wanaotambulika, na ombi lisithubutu kuziita data zisizo na utambulisho. Zina utambulisho uliofichwa, jambo ambalo ni tofauti.

Sasa twende kwenye sentensi ya kwanza, ile ya kompyuta yenye nywila. Nywila ya kuingilia kwenye kompyuta humzuia mtu anayeketi mbele ya skrini. Haimzuii aliyeiiba. Akiifungua kwa bisibisi, akatoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, anaweza kusoma kila faili kana kwamba nywila haikuwahi kuwepo. Kinachomzuia ni usimbaji, yaani kulichanganya faili zima kwa hesabu ambayo bila ufunguo wake linabaki takataka. Windows ya toleo la Pro ina BitLocker inayosimba diski nzima. Kwa asiye nayo, VeraCrypt hupatikana bure na hutengeneza folda iliyofungwa ambayo mtu huifungua kwa nywila yake na kuifunga akimaliza. Ombi linalotaja ipi kati ya hizi itatumika, kwenye kompyuta ipi, limejibu swali la kamati. Linalosema "kompyuta yenye nywila" bado halijajibu.

Usimbaji nao una hatari yake, na hapo ndipo anayejua kazi hii hutambulikana. Nywila ikisahaulika, data zimekwenda, hakuna fundi wa kuzirudisha. Kwa hiyo mpango husema pia nani mwingine anayo. Njia inayokubalika ni kuiandika, kuitia kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mkunjo, na kuiacha kwenye sefu ya idara.

Kinasasauti ni tatizo la aina nyingine. Vile vya bei nafuu havisimbi chochote. Anayekiokota anabonyeza na kusikiliza. Simu janja inaweza kusimbwa, lakini mara nyingi imewekwa kupeleka mafaili yake kwenye akaunti ya mwenye simu, na mtafiti hajui hadi siku anapofungua akaunti hiyo kwenye kompyuta nyingine na kukuta sauti zote zimepangwa kwa tarehe. Binafsi ningechagua kinasasauti cha kawaida kisicho na intaneti, kwa sharti moja: hakilali na sauti ndani. Kila jioni sauti zinahamishwa kwenye folda iliyosimbwa, zinasikilizwa kidogo mwanzoni na mwishoni kuhakikisha zimefika salama, kisha zinafutwa kwenye kinasasauti.

Na wingu? Si dhambi. Lakini Google Drive, na KoboToolbox ambayo wengi huitumia kwa dodoso za kwenye simu, huhifadhi data katika seva zilizo nje ya nchi, na hilo linabadilisha mambo mezani kwa kamati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya mipaka. Kwa utafiti wa afya, NIMR nayo huwa na mikataba ya kuhamisha data ambayo husainiwa kabla data hazijatoka. Mwanafunzi anayeandika "hakuna data itakayotoka nchini" huku akipanga kupakia sauti kwenye Google Drive amejikana mwenyewe ndani ya ukurasa mmoja, na mjumbe makini wa kamati hulikuta jambo hilo haraka.

Sentensi ya pili: "Watafiti pekee ndio watakaozifikia." Watafiti gani? Katika mfano wetu, mtafiti msaidizi anatoka wilaya ileile, na kuna uwezekano kwamba binamu yake yumo kwenye orodha. Mnukuzi si mtafiti kabisa, lakini ndiye atakayesikiliza kila neno la kila mtu, pengine akiwa nyumbani kwake na spika za kompyuta zikiwa wazi. Msimamizi ni mtafiti kwa cheo, na hana haja ya kujua jina la mtu yeyote. Ufikiaji huandikwa kwa kazi ya mtu. Muuguzi wa CTC ndiye anayeshika orodha ya waliokosa miadi na ndiye anayewapigia simu. Mwanafunzi hupata majina ya waliokubali kupigiwa tu. Mtafiti msaidizi hufanya mahojiano na haoni orodha ya majina na namba. Mnukuzi hupewa sauti zenye namba, hunukuu akiwa chuoni kwenye kompyuta ya idara kwa vipokea sauti vya masikioni, na husaini kiapo cha usiri kabla ya kuanza. Msimamizi husoma manukuu yaliyokwisha kusafishwa.

Na kuna wasomaji ambao watafiti huwasahau kuwataja, nao ni kamati yenyewe na mamlaka za ukaguzi. Wana haki ya kukagua kumbukumbu za utafiti, fomu za ridhaa zikiwemo. Kama fomu ya ridhaa imemwambia mshiriki kwamba hakuna mtu mwingine yeyote atakayeona, imemdanganya bila kukusudia. Hata mahakama zina sauti yake hapa, na kuna kisa kinachofundisha kuliko maelezo.

Kati ya mwaka 2001 na 2006, Boston College ya Marekani ilidhamini mradi wa kurekodi kumbukumbu za wapiganaji wa zamani wa Ayalandi ya Kaskazini, wa pande zote mbili. Walisimulia mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu mkataba waliosaini uliwapa uamuzi wa nani asikie kanda zao hadi watakapofariki. Ahadi ile haikuwekewa mpaka wa sheria. Mwaka 2011 mamlaka za Uingereza, kupitia serikali ya Marekani, zilidai kanda zilizohusu kuuawa kwa Jean McConville, mama wa watoto kumi aliyetoweka Belfast mwaka 1972. Kesi ilivutana mahakamani, na baadhi ya kanda zikakabidhiwa kwa polisi. Mwaka 2014 mwanasiasa Gerry Adams akakamatwa na kuhojiwa kwa siku kadhaa kuhusu mauaji hayo kabla ya kuachiwa bila mashtaka. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kuhusu haki ya kesi ile. Kwa anayeandika ombi la maadili, lililo wazi ni kwamba maneno machache yaliyokosekana, ya kusema usiri utalindwa kwa kiwango ambacho sheria inaruhusu, yaliwafanya watu waseme kwa imani ambayo chuo hakikuwa na uwezo wa kuilipa.

Mwanafunzi wetu hatarajii wapelelezi. Lakini anaweza kusikia kwenye mahojiano kwamba mtoto anapigwa au ananajisiwa, na atalazimika kuchukua hatua. Jambo hilo huandikwa kwenye ombi na kwenye fomu ya ridhaa kabla kinasasauti hakijawashwa.

Sentensi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo huonekana nyepesi: "zitaharibiwa baada ya utafiti kukamilika." Utafiti hukamilika lini? Siku ya mahojiano ya mwisho? Siku ya kutetea tasnifu? Siku makala inapochapishwa, miaka miwili baadaye? Hata anayeandika "miaka mitano" hajasema kitu mpaka ataje miaka hiyo inaanza kuhesabiwa kutoka wapi. Tena si kila nakala inastahili umri mmoja. Sauti ndiyo hatari zaidi, maana mtu hutambulika kwa sauti yake hata asipotaja jina, na ikishanukuliwa na manukuu kuhakikiwa kazi yake imekwisha. Manukuu yaliyosafishwa yana faida ya kudumu: mtahini akitilia shaka hitimisho, au jarida likiuliza ushahidi, ndiyo yatakayojibu. Fomu za ridhaa ni uthibitisho kwamba watu walikubali, kwa hiyo hukaa kadiri manukuu yanavyokaa.

Orodha ya majina na namba ina umri wa pekee, kwa sababu imefungamana na haki ya mshiriki kujitoa. Mwanamume akipiga simu wiki mbili baada ya mahojiano na kusema "Dokta, yale niliyoyasema nifutie", mtafiti anahitaji orodha ili ajue kwamba yeye ni M17. Orodha ikishachomwa, hakuna njia ya kumpata M17 tena. Kwa hiyo tarehe ya kuharibu orodha ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa, na fomu ya ridhaa lazima iitaje. Fomu nyingi huahidi kwamba mshiriki anaweza kujitoa "wakati wowote", wakati ombi lenyewe linasema orodha itaharibiwa mapema ili kulinda usiri. Ahadi mbili, zote nzuri, haziwezi kutimizwa pamoja.

Wapo wasimamizi wanaotaka sauti zitunzwe hadi baada ya utetezi, wakihofia mtahini atakayesema mahojiano hayakufanyika. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na kamati inaweza kuikubali ikielezwa. Ningependelea njia nyingine: mtu mwingine, mathalani msimamizi mwenyewe, ahakiki manukuu machache dhidi ya sauti na kusaini kwamba amefanya hivyo, halafu sauti zifutwe. Lakini lolote litakaloamuliwa, sababu yake iandikwe.

Neno "zitaharibiwa" nalo lina mtego. Majarida mengi na wafadhili wengi siku hizi hutaka data zitunzwe au zishirikishwe. Aliyewaahidi washiriki kwamba kila kitu kitaharibiwa amejifunga. Sheria nazo hazilazimishi kuharibu kila kitu kama wengi wanavyodhani: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa mfano, inaruhusu taarifa kutunzwa muda mrefu zaidi kwa ajili ya utafiti, mradi matokeo yasichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Kwa wanaume 24 wa wilaya moja, hata hivyo, kumwaga manukuu hadharani mtandaoni ni hatari hata majina yakiwa yameondolewa. Mvuvi mwenye wake wawili aliyewahi kuwa diwani anajulikana na kijiji kizima. Kusafisha manukuu ni kuondoa mambo kama hayo, si jina peke yake, na bado hakuna uhakika kamili.

Kufuta pia kunataka maelezo. Faili lililofutwa kwa kawaida huenda kwenye kapu. Kwenye Google Drive hukaa humo siku 30. Hata kapu likimwagwa, programu za kurejesha mafaili huweza kuyatoa kwenye diski. Kwenye flashi na diski za kisasa zisizozunguka, hata kuandika juu ya faili hakutegemeki, kwa kuwa kifaa chenyewe huhamisha maandishi mapya sehemu nyingine ili kisichakae upande mmoja. Hii ndiyo sababu ya kusimba tangu siku ya kwanza: faili lililozaliwa ndani ya folda iliyosimbwa likifutwa, na nywila ya folda ikaharibiwa pamoja na bahasha yake, kinachobaki kwenye diski hakisomeki.

Baada ya yote haya, sentensi zile tatu zinaweza kuandikwa upya hivi:

"Utafiti utazalisha fomu za ridhaa, orodha ya majina na namba za washiriki, sauti, manukuu na daftari la uwandani. Sauti zitarekodiwa kwa kinasasauti kisicho na intaneti. Jioni ya siku hiyohiyo mtafiti mkuu atazihamishia kwenye folda iliyosimbwa kwa VeraCrypt katika kompyuta mpakato ya idara, atahakikisha zinasikika, kisha atazifuta kwenye kinasasauti. Nakala rudufu moja, iliyosimbwa, itakuwa kwenye diski ya nje. Wakati wa kazi ya uwandani diski itakaa kwa mtafiti msaidizi, asiye na nywila, katika nyumba tofauti na ilipo kompyuta. Baada ya hapo itakaa kwenye kabati la msimamizi lenye kufuli. Sauti hazitatumwa kwa WhatsApp wala barua pepe, na hazitapakiwa kwenye wingu.

"Orodha ya majina na namba itakuwa ya karatasi, nakala moja, mikononi mwa mtafiti mkuu, kando na fomu za ridhaa, ambazo hazitaandikwa namba ya mshiriki. Daftari la uwandani litatumia namba tu. Mnukuzi atafanya kazi chuoni, kwenye kompyuta ya idara, baada ya kusaini kiapo cha usiri. Ufikiaji wake utaondolewa siku atakapokabidhi nukuu la mwisho. Msimamizi ataona manukuu yaliyoondolewa majina, mahali na maelezo yanayotambulisha. Kamati ya maadili na mamlaka za ukaguzi zinaweza kukagua kumbukumbu zote, na usiri utalindwa kwa kiwango kinachoruhusiwa na sheria. Washiriki wataelezwa hivyo.

"Mshiriki anaweza kuomba mahojiano yake yafutwe ndani ya siku 30 baada ya kuhojiwa. Siku ya 31 baada ya mahojiano ya mwisho, orodha itachanwa kwa mashine mbele ya msimamizi. Sauti zitafutwa katika nakala zote mbili manukuu yakishahakikiwa, si zaidi ya siku 90 baada ya mahojiano ya mwisho, na daftari litaharibiwa siku hiyo. Manukuu yaliyosafishwa na fomu za ridhaa vitatunzwa miaka mitano kuanzia tarehe ya kuidhinishwa kwa tasnifu. Baada ya mwanafunzi kuhitimu, mkuu wa idara ndiye mwenye wajibu wa kuvitunza na kuviharibu. Manukuu hayatawekwa hadharani. Mtafiti mwingine atayapata kwa maombi yaliyoidhinishwa na kamati. Kila uharibifu utaandikwa kwenye rejista yenye tarehe, kitu kilichoharibiwa, njia iliyotumika na saini mbili."

Ni ndefu kuliko ile ya mwanzo, lakini haijazidi ukurasa, na hakuna sentensi ndani yake ambayo mtu hawezi kwenda kuikagua. Angalia hasa ile inayomtaja mkuu wa idara. Mwanafunzi akihitimu, barua pepe yake ya chuo inaweza kufungwa, atahamia Mwanza au Doha, na kompyuta itapewa mwanafunzi mwingine. Ahadi ya miaka mitano iliyotolewa na mtu atakayeondoka baada ya miezi kumi inahitaji mrithi mwenye cheo, kwa kuwa cheo hubaki. Na mkuu wa idara aulizwe kwanza kama anakubali; imetokea watu wakakuta wameandikwa walinzi wa makabati wasiyoyajua.

Kazi iliyobaki ni kulinganisha. Sehemu hii huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza cha kitaalamu, na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, wakati mwingine na watu tofauti, wiki tofauti. Zichapwe, ziwekwe mezani bega kwa bega, na kila tarehe, kila mtu na kila mahali patafutwe pande zote mbili. Kisha mtafiti msaidizi aulizwe swali ambalo washiriki wazee huuliza kweli: "Mwanangu, hii sauti yangu ataisikiliza nani?" Kama anaweza kujibu bila kufungua karatasi, kwamba nitaisikia mimi na mwenzangu niliyekuja naye, na mtu mmoja wa kuiandika ambaye hatajua jina lako, mzee wangu, kisha itafutwa kabla ya miezi mitatu, basi mpango umeingia kichwani. Kama anajibu "usiwe na wasiwasi baba, ni siri", turudi kuuandika.

Uwandani mambo hubadilika. Kompyuta ya idara inaharibika, mnukuzi anaugua na wa pili yupo Arusha na anataka atumiwe mafaili. Hapo mtafiti haruhusiwi kujirekebishia kimyakimya. Huandika ombi la marekebisho kwa kamati, na husubiri jibu kabla ya kutuma. Kusubiri huko kunakera, na ndiko kunakowafanya wengine watumie WhatsApp "kwa leo tu".

Na kinasasauti kinaweza kuibiwa stendi ya mabasi. Aliyeandika sentensi zile tatu za mwanzo atabaki akijiuliza nini kimepotea, za nani, na tangu lini. Aliyeandika mpango ule wa pili ana barua fupi ya kuandika usiku huo kwa kamati na kwa msimamizi: zimepotea sauti mbili za leo, M11 na M12, ambazo zilikuwa hazijahamishwa, zilizotangulia zimefutwa kwenye kifaa na zipo kwenye folda iliyosimbwa. Majina hayakuwa kwenye kifaa. Kesho asubuhi atawafuata wanaume hao wawili kuwaeleza, na kuwauliza kama wanataka kuendelea.